Neno fupi la kuinua glasi kwa Kireno kwenye chakula cha jioni cha kibiashara

Hotuba huishia kwa makofi. Neno la kuinua glasi, ambalo kwa Kireno huitwa *brinde*, huishia pale watu wote mezani wanaporudia maneno yako ya mwisho na kunywa. Kwa hiyo wasikilizaji wana kazi ya kufanya, na wanahitaji kujua bila shaka yoyote ni wakati gani na waseme nini. Wengi wanaoandaa neno hili kwa lugha wasiyoizoea hutumia nguvu zote kwenye salamu na shukrani, halafu mwisho wanaufikia bila maandalizi: wanasema asante, wanainua glasi kwa kusitasita, nusu ya meza inakunywa na nusu inapiga makofi. Mwongozo huu unaanzia mwisho huo kwa makusudi.

Tutachukua hali moja tuifuate hadi tamati. Wewe ni mgeni. Ujumbe wenu umekuwa na mazungumzo ya siku mbili na kampuni ya wenyeji wanaozungumza Kireno, kuhusu bei na tarehe za kupeleka bidhaa. Jioni ya pili mkurugenzi wao amewaalika chakula, watu kumi na wawili mezani, na wewe ndiye utakayejibu kwa niaba ya wenzako. Kireno chako ni cha kusoma tu.

Kwanza andika sentensi ya mwisho

Sentensi ya mwisho ni ile wenzako wa mezani watakayoirudia. Iwe na maneno matatu au manne, isiwe na jina gumu ndani yake, na iwe jambo ambalo pande zote mbili zinaweza kulisema bila mmoja kujisifu. Kwa hali yetu inafaa hii:

*À nossa parceria!*

Maana yake: kwa heri ya ushirikiano wetu. Hiyo *à* yenye alama inayoelekea kushoto ndiyo inayofanya kazi yote. Ni kihusishi *a* kilichoungana na kitambulishi *a* cha nomino ya kike, na Kireno kwa kawaida hukitumia kinapotaja kinachonywewa heri. Nomino ikiwa ya kiume inageuka kuwa *ao*, na kwa wingi *às* au *aos*. Ndiyo maana utasikia *Ao futuro!* (kwa heri ya siku zijazo), *Aos nossos anfitriões!* (kwa heri ya wenyeji wetu) na *À saúde de todos!* (kwa afya ya wote). Anayefasiri kutoka Kiswahili hushikwa na neno letu "kwa" na kuandika *Para a nossa parceria*. Wenyeji wataelewa, ila kwao inasikika kama maandishi ya juu ya kifurushi: hiki ni cha ushirikiano wetu. Hawatajua kwamba wakati wa kunywa umefika.

Angalia pia unachokinywea heri. Kama mkataba haujatiwa saini, usiseme *Ao nosso contrato!* Upande wa pili una watu ambao bado wanasubiri idhini ya bodi au ya mwanasheria, na umewaweka katika hali ya ama kunywea jambo ambalo hawajalikubali, ama kubaki na glasi hewani. Neno *parceria* ni pana kiasi cha kutosha. Kama hata ushirikiano wenyewe bado una shaka, tumia *Ao bom entendimento!*, yaani kwa heri ya maelewano mema. Hilo linakubalika hata mazungumzo yakivunjika kesho yake.

Kisha rudi mwanzo, na uandike Kiswahili cha kufasirika

Andika kwanza kwa Kiswahili, lakini Kiswahili cha sentensi fupi, kila moja na jambo moja. Neno zima lichukue kama dakika moja. Kwa msomaji asiye mwenyeji wa Kireno, anayesoma taratibu na kupumzika kati ya sentensi, hiyo ni kama maneno 70. Ukizidi 120 watu wataanza kuangalia sahani.

Hii ndiyo rasimu yetu:

"Mheshimiwa Mkurugenzi, mabibi na mabwana, habari za jioni. Kwa niaba ya wenzangu, nashukuru kwa jinsi mlivyotupokea. Tulikuja kuzungumzia bei na tarehe, na tunaondoka tukiwa na washirika tunaowaamini. Tuliuliza maswali magumu tukapewa majibu ya wazi: hilo ndilo tutakalolikumbuka. Kazi iliyo mbele ni kubwa, na tunajua kwamba umoja ni nguvu. Asanteni sana nyote. Nawaalika nyote tutakiane heri: kwa ushirikiano wetu!"

Sentensi ya tatu na ya nne ndizo zenye uzito. Ndizo zinazoonyesha kwamba neno hili limeandikwa kwa ajili ya meza hii, halikuokotwa mahali. Ukibadilisha hali, badilisha hizo tu: weka jambo moja mlilolifanya pamoja, ambalo kila aliyepo alikuwepo kuliona. Lisiwe jambo la kuwaaibisha, kama vile mizigo iliyochelewa au punguzo mlilolipata kwa taabu, hata kama mezani wote wanalichekea.

Sasa Kireno chake

*Senhor Director, minhas senhoras e meus senhores, boa noite.*

*Em nome dos meus colegas, agradeço a forma como nos receberam. Viemos falar de preços e de prazos, e partimos com parceiros em quem confiamos. Fizemos perguntas difíceis e ouvimos respostas claras: é isso que vamos recordar. Há muito trabalho pela frente, e sabemos que a união faz a força. Muito obrigado a todos.*

*Convido todos a brindar: à nossa parceria!*

Yapo maneno 70. Tuyapitie yale ambayo kwa kawaida huharibika.

"Mheshimiwa" au "ndugu" havifasiriwi neno kwa neno. Ukimwita mkurugenzi *irmão*, umemwita ndugu wa damu au wa kanisani. Kireno huanza na *Senhor* au *Senhora*, kisha cheo. Ureno, Angola na Msumbiji shahada hugeuka cheo cha kuitwa: mwenye shahada ya chuo huitwa *Senhor Doutor* au *Senhora Doutora* bila kuwa tabibu, na mhandisi huitwa *Senhor Engenheiro* au *Senhora Engenheira*. Mhandisi anayeitwa hivyo na watumishi wake wote kila siku atagundua ukimwita bwana tu. Muulize mapema katibu wake anavyoitwa ofisini, nawe ufuate hivyo hivyo. Ukihitaji kutaja jina la ukoo, majina ya Kireno kwa kawaida huwa na la upande wa mama kwanza na la baba mwishoni, na lile la mwisho ndilo mtu huitwa nalo mara nyingi.

"Mlivyotupokea" ndiyo sehemu yenye mtego mkubwa kuliko zote, kwa sababu Kireno kina njia nyingi za kumwambia mtu "ninyi" na kila nchi ina yake. *A vossa hospitalidade*, ukarimu wenu, ni sawa kabisa Ureno, lakini Brazili inasikika ya kikanisa au ya kitabuni. Wao husema *a hospitalidade de vocês*. Na hilo *você*, likisemwa kwa mtu mmoja, Mreno mwenye umri anaweza kuliona ni kukosa adabu. Sentensi *agradeço a forma como nos receberam* inapita katikati: kitenzi *receberam* kinabeba "walitupokea" na "mlitupokea" kwa pamoja, hakuna kiwakilishi cha kuchagua, na inakubalika kila mahali Kireno kinapozungumzwa. Ukitaka kubadilisha maneno yetu, shikilia mbinu hiyo ya kuandika kwa kitenzi bila kutaja "ninyi".

"Washirika" ni *parceiros*. Mfasiri wa haraka anaweza kuweka *sócios*, na hapo umesema jambo jingine kabisa, kwa sababu *sócio* ni mwenye hisa, mmiliki mwenza wa kampuni. Mwanasheria aliyepo mezani atanyanyua uso.

Asante hubadilika kufuata jinsia ya anayesema, bila kujali anaambiwa nani. Msemaji mwanamume anasema *obrigado*, mwanamke anasema *obrigada*. Kiswahili hakina jambo hili, ndiyo maana wasemaji wanawake hujikuta wakisoma *obrigado* kwa kuwa karatasi iliandikwa na mwanamume. Kama hujajua nani atasoma, andika *agradeço a todos* na tatizo linaondoka.

Methali tumeibakiza kwa sababu Kireno kina yake inayolingana: *a união faz a força*, na kila mtu mezani anaijua. Si kila methali ina bahati hiyo. "Haba na haba hujaza kibaba" ina mwenzake, *grão a grão enche a galinha o papo*, lakini huyo ni kuku anayejaza gole lake punje kwa punje, na kwenye chakula cha wakurugenzi inaleta kicheko ambacho hukukipanga. Methali isiyo na mwenzake usiifasiri. Utalazimika kuieleza, na neno la dakika moja halina nafasi ya maelezo.

Kama wenyeji ni Wabrazili, mabadiliko ni machache. Salamu ifupishwe iwe *Senhoras e senhores, boa noite*, andika *Diretor* bila *c*, na badala ya *recordar* weka *lembrar*. Mbrazili wa biashara huitwa zaidi kwa jina lake la kwanza kuliko la ukoo, kwa hiyo *Senhor* pamoja na jina la kwanza si kumshushia heshima. Ile *c* ya *Director* haisomwi popote. Ureno nao wameiondoa katika tahajia mpya, ingawa wengi bado huiandika, na Angola na Msumbiji utaikuta mara nyingi.

Wanaozoea hadhara za Kiswahili watataka kusema "itifaki imezingatiwa". Msumbiji utasikia *todo o protocolo observado* kwenye hafla rasmi, na inaeleweka. Kwenye meza ya watu kumi na wawili haihitajiki. Mtaje mwenyeji, kisha wote kwa pamoja, inatosha.

Kuusoma mdomoni

Msemaji wa Kiswahili ana bahati kwenye Kireno. *Nh* ni "ny" ya nyumba: *senhor* ni "senyor", mkazo mwishoni. *Ç* ni "s". *R* ya mwanzo wa neno, kwa Wareno wengi, iko karibu na "gh" ya ghali. Wabrazili wengi huilegeza hadi "h". Ukiitamka "r" ya Kiswahili kwa nguvu utaeleweka kote.

Mambo mawili hutupiga chenga. La kwanza ni mkazo. Sisi huuweka silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, na maneno mengi ya Kireno yanakubali, lakini *senhor*, *brindar* na *união* yana mkazo mwishoni. *Receberam* kwa bahati njema inakwenda kwa mkazo wetu: re-se-BE-ram. Usijaribu kuipamba kwa kuusogeza mwisho, kwa sababu *receberão*, yenye mkazo mwishoni, ni wakati ujao. Utakuwa umeshukuru kwa jinsi watakavyokupokea.

La pili ni sauti za puani, *ão* na *am* za mwisho. Usifunge kwa "n" wala "m". Sema "au" huku pumzi ikipita puani, na ulimi usiguse ufizi. *União* ni "u-ni-AU" ya puani. Jaribu mara chache ukiwa umeziba pua kwa vidole: ikisikika vilevile pua ikiwa imezibwa na ikiwa wazi, basi bado hujaitoa puani.

Hizi ndizo sentensi mbili ambazo ni lazima zitoke vizuri, zimeandikwa kwa masikio ya Kiswahili, herufi kubwa ni mkazo:

*Agradeço a forma como nos receberam*: a-gra-DE-su a FOR-ma KO-mu nush re-se-BE-rau.

*Convido todos a brindar: à nossa parceria!*: kon-VI-du TO-duz a brin-DAR: aa NO-sa par-se-RI-a!

"Nush" ni ya Ureno, Angola na Msumbiji. Wabrazili wengi husema "nus". Lakini ile sentensi ya mwisho inabaki karibu ileile pande zote za bahari, na ni sababu mojawapo ya kuichagua. Linganisha na *Saúde!*, neno la kunywea afya, ambalo ni "sa-U-d" kwa Mreno anayemeza irabu ya mwisho, na "sa-U-ji" kwa Wabrazili wengi. *Boa noite* vilevile: "BO-a NOIT" upande mmoja, "BO-a NOI-chi" upande mwingine. Chagua upande wa wenyeji wako ubaki nao; kuchanganya ndiko kunakosikika vibaya.

Hariri moja muhimu hufanyika baada ya kusoma kwa sauti. Neno lolote linalokukwaza mara tatu mfululizo, liondoe. *Perguntas difíceis* ikikushinda, sema *Falámos com franqueza*, tulizungumza kwa uwazi, na sentensi itaendelea vizuri: *Falámos com franqueza, e é isso que vamos recordar.* Kwa Wabrazili iandike *Falamos*, bila alama.

Wakati wa kusimama

Mgeni hamtangulii mwenyeji. Huo ndio msingi, na makosa mengi ya wakati hutokana na mgeni aliyekuwa na wasiwasi akitaka kumaliza kazi mapema ili ale kwa amani. Mwenyeji akisimama mwanzoni, kabla ya chakula, na kuwakaribisha kwa glasi, mjibu kwa kuinua yako na kusema *Muito obrigado. Saúde!* basi. Neno lako la maneno 70 libaki mfukoni kwa ajili ya baadaye, isipokuwa yeye mwenyewe amekugeukia na kunyamaza akisubiri. Hapo simama useme.

Dirisha zuri zaidi ni pale sahani za chakula kikuu zimeondolewa na kitindamlo hakijaletwa. Midomo haina chakula, hakuna kinachopoa, wahudumu wametulia, na glasi za jioni bado ziko mezani. Dakika chache kabla yake chakula cha moto ndiyo kimewekwa: ukisimama hapo, watu kumi na wawili wataangalia samaki wao akipoa, na hata neno zuri litaonekana refu. Baada yake inakuja kahawa, na kahawa kwenye meza ya Kireno ni ishara kwamba jioni inafungwa. Kwenye mikahawa mingi glasi zimeshaondolewa kufikia hapo, na hakuna anayetakiana heri kwa kikombe cha kahawa.

Ili dirisha hilo lisikupite, fanya mambo mawili kabla ya kukaa. Mwambie mwenyeji wako, au msaidizi wake, kwamba ungependa kusema maneno mawili kabla ya kitindamlo. *Duas palavras antes da sobremesa* inatosha. Sasa atakupa ishara yeye, na kama ana neno lake atalipanga kabla yako. Pia mwombe mhudumu ajaze glasi zote sahani kuu zikishaondoka. Glasi tupu ni sababu ya kawaida kabisa ya mwisho kuvurugika: unafika kwenye sentensi ya mwisho na watatu hawana cha kunywa, wanaanza kutafuta chupa, na sekunde ile uliyoijenga inapotea. Anayekunywa sharubati au maji anainua hayohayo. Usiulize wala kueleza.

Kama hakuna ishara iliyokuja na unaona kitindamlo kinatoka jikoni, mtazame mwenyeji uinue nyusi kidogo. Akikubali, simama. Akiwa katikati ya mazungumzo mazito na jirani yake, acha kitindamlo kiliwe, na usimame kabla kahawa haijamiminwa. Hilo ni dirisha la pili, jembamba zaidi, na glasi huenda zimepungua.

Usigonge glasi kwa kisu. Simama, ngoja, tazama meza nzima. Watu kumi na wawili hunyamaza wenyewe ndani ya sekunde tano. Jirani wa mwenyeji akiendelea kuongea, mwenyeji atamgusa.

Mikono, karatasi na mwisho wenyewe

Andika neno lako kwenye kadi ngumu ya ukubwa wa robo ya karatasi ya kawaida, kwa herufi kubwa, kila sentensi kwenye mstari wake. Simu hujifunga katikati ya sentensi, na taa ya chini ya mgahawa hufanya uso wako ung'ae bluu. Kadi ishikwe mkono wa kushoto. Mkono wa kulia uache mtupu na glasi ibaki mezani mpaka karibu na mwisho. Glasi iliyoinuliwa tangu salamu huwafanya watu wengine nao wainue, na dakika nzima wanabaki na mikono hewani.

Sentensi ya mwisho usiisome. Ikariri, hata kama zilizotangulia zote unazisoma. Utaratibu wake ni huu. Sema *Muito obrigado a todos*, kisha weka kadi mezani. Hilo peke yake linawaambia watu kwamba unafikia kilele. Chukua glasi, mtazame mwenyeji, useme *Convido todos a brindar*. Hapo nyamaza kwa kama sekunde mbili hivi. Ni katika ukimya huo watu huvuta viti, husimama na kushika glasi zao. Ukiujaza kwa maneno hawatapata nafasi. Wakishashika, inua glasi hadi usawa wa kifua na utoe maneno matatu kwa sauti ya juu kidogo kuliko yaliyotangulia, kwa utulivu: *À nossa parceria!* Sauti isishuke mwishoni, maana sauti inayoshuka inasikika kama ya mtu anayemaliza sentensi, na hakuna atakayerudia.

Watarudia. Gonganisha na waliokaribu nawe tu, wa mbali uwatazame na kuinamisha kichwa kidogo. Kunywa funda dogo, ngoja mwenyeji naye anywe, kaa.

Usiseme chochote baada ya hapo. Asante imeshatolewa kabla, kwenye mstari wake, na iliwekwa pale kwa sababu hii. Anayesema *obrigado* tena baada ya kunywa, au anayekumbuka kwamba hakumtaja mpishi, huwafanya watu walioanza kukaa wasijue kama wasimame tena. Uliyemsahau mfuate baadaye, kwenye kahawa, umshukuru ana kwa ana.

Mezani kukiwa na lugha mbili

Kama una mkalimani anayefasiri sentensi kwa sentensi, dakika moja inakuwa mbili. Mpe karatasi mchana, si mezani, na umwonyeshe pale pa *parceiros* na pale pa *à*. Njia inayopendeza zaidi ni kusema salamu kwa Kireno mwenyewe, katikati useme Kiswahili naye afasiri kwa mapande manne, na mwisho urudi kwenye Kireno chako. Mwambie wazi kwamba sentensi ya mwisho haifasiri, la sivyo atairudia kwa heshima na mtapata kilele mara mbili, cha pili kikiwa hafifu.

Wenzako wasiojua Kireno nao wanataka kunywa pamoja na wengine. Watangulizie Kiswahili: "Kwa ushirikiano wetu", kwa sauti ya kawaida, glasi ikiwa bado chini, na hapo hapo *à nossa parceria!*, glasi juu. Lugha ya wenyeji iwe ya mwisho, kwa kuwa inayosemwa mwisho ndiyo inayonyweka.

Likiharibika

Ukipoteza mstari katikati, usirudi nyuma kuutafuta. Ruka moja kwa moja hadi *Muito obrigado a todos* na uendelee na mwisho. Hakuna mezani aliye na nakala yako, na neno la sekunde arobaini lenye mwisho safi linapokewa vizuri kuliko la dakika lililokatika.

Makofi yakianza baada ya *obrigado*, kabla hujafika kwenye glasi, yaache yapite. Inua glasi wakati yanapungua, halafu endelea na *Convido todos a brindar*. Usiseme juu ya makofi.

Wasiporudia maneno yako, huenda hawakuyasikia. Usiyarudie kwa nguvu zaidi, ongeza *Saúde!* ukiwa tayari unasogeza glasi mdomoni. Neno hilo hakuna asiyelijua, na watalijibu bila kufikiri.

Na mwenyeji akisimama kukujibu, sikiliza hadi mwisho ukiwa na glasi mkononi, rudia maneno yake ya mwisho kama yeye alivyorudia yako, na unywe. Usimjibu tena. Zamu yenu imekwisha, na kitindamlo kinasubiri mlangoni.